Ampia, Dakika na Gramu: Kukokotoa Shaba Inayopakwa kwa Umeme

Mada kwa semina ya walimu wa kemia wa sekondari, Issuna, Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida

1. Utangulizi

Wanafunzi wetu wengi hukokotoa tungamo la metali kwa kanuni ya Faraday bila kuwahi kulipima. Mada hii inapendekeza wafanye yote mawili, kisha waeleze tofauti kati ya gramu za daftarini na gramu za mizani. Tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha kilichotokea ndani ya chombo.

2. Vifaa

Yeyusha gramu 100 za mrututu katika maji yanayokaribia nusu lita, kisha ongeza mililita 50 za asidi ya betri. Asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si kinyume chake. Kata vipande viwili vya bati la shaba. Kimoja ni anodi, kinaunganishwa na chanya ya betri. Kingine ni kathodi, kinaunganishwa na hasi. Sehemu ya kathodi inayozama iwe sentimita 5 kwa 5, yaani sentimita za mraba 50 kwa pande zote mbili.

Betri ya sola ya volti 12 ikiunganishwa moja kwa moja itatoa mkondo mkubwa kupita kiasi. Weka katika mzunguko huo, kwa mfululizo, taa ndogo ya gari ya volti 12 na wati 5. Taa itapunguza mkondo ili ubaki karibu na ampia 0.4. Ameta nayo iwe kwenye mfululizo huohuo. Mizani iwe ya kusoma gramu 0.01, kama zile ndogo za wanunuzi wa dhahabu. Ya gramu 0.1 haifai, kama tutakavyoona.

3. Hesabu

Tuseme ameta ilisoma ampia 0.40 kwa dakika 40. Dakika 40 ni sekunde 2,400, hivyo chaji iliyopita ni 0.40 × 2,400 = kulomu 960. Moli moja ya elektroni hubeba kulomu 96,500, kwa hiyo zimepita moli 0.00995 za elektroni. Kila ioni ya shaba, Cu²⁺, huhitaji elektroni mbili ili iwe metali, basi moli za shaba ni nusu ya hizo: 0.00497. Zidisha kwa 63.5, unapata gramu 0.316. Kwa mkato:

m = (I × t × M) / (n × F)

Mwanafunzi aliyesahau elektroni mbili atapata gramu 0.632. Aliyeacha muda katika dakika atapata jibu dogo mara 60.

Gawanya gramu 0.316 kwa densiti ya shaba, 8.96, kisha kwa eneo la sentimita za mraba 50. Unene wa tabaka ni kama milimita 0.007 tu. Ndiyo maana mizani ya gramu 0.1 haitusaidii.

4. Mizani ikikataa

Tuseme kathodi ilikuwa gramu 15.62, sasa ni 15.92. Imeongezeka gramu 0.30, yaani asilimia 95 ya hesabu. Kwa mizani hii, hayo ni matokeo mazuri.

Pengo likiwa kubwa, anza kwa kutazama tabaka. Shaba nzuri ina rangi ya waridi na imeshikamana. Ikiwa ni unga wa kahawia unaodondoka wakati wa kusuuza, mkondo ulikuwa mkubwa kwa eneo lile: ioni zilizo karibu na kathodi ziliisha kabla nyingine hazijafika, na sehemu ya umeme ikatoa hidrojeni. Ongeza eneo au punguza mkondo.

Tungamo likizidi hesabu, huenda kathodi ilipimwa ikiwa na maji. Isuuze, ichovye kwenye spiriti, iache ikauke. Usiifute kwa kitambaa. Soma ameta kila baada ya dakika 5 na utumie wastani, maana mkondo haukai palepale.

5. Tahadhari juu ya msumari

Vitabu vingi hupaka shaba kwenye msumari wa chuma. Lakini msumari ukiingia kwenye mrututu hugeuka mwekundu hata bila betri. Chuma huyeyuka na shaba hukaa mahali pake: kwa kila gramu 55.8 za chuma zinazoondoka, huja gramu 63.5 za shaba. Msumari unaonekana umepakwa, ila mizani haioni karibu chochote, na tabaka lenyewe hubanduka kwa kidole. Rangi peke yake, basi, haithibitishi kanuni ya Faraday. Kwa kupima, tumia kathodi ya shaba.

6. Dhahabu

Mwanafunzi wa Singida atauliza kuhusu dhahabu. Katika myeyusho wa sayanidi, kila atomu ya dhahabu huhitaji elektroni moja, na moli yake ni gramu 197. Kulomu zilezile 960 zingetoa gramu 1.96. Lakini kwenye mitambo ya kutoa dhahabu myeyusho huwa na dhahabu kidogo sana, na sehemu kubwa ya umeme huishia kwenye hidrojeni. Kanuni hutoa kikomo cha juu; mavuno hupimwa.

7. Pendekezo

Ripoti ya mwanafunzi iwe na namba tatu: tungamo lililokokotolewa, ongezeko la kathodi na upungufu wa anodi. Hizi mbili za mwisho zikikaribiana lakini zote ziko chini ya hesabu, kagua kwanza ameta na saa. Anodi ikipungua kama hesabu inavyosema lakini kathodi haikuongezeka kiasi hicho, tafuta unga wa shaba chini ya chombo.