Mtoto aliye kwenye mapaja ni nani?
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, komini ya Tshopo)



Wakati tulikimbia vita ya siku sita, mwezi wa sita 2000, mama yangu alifunga picha moja tu ndani ya kitenge. Ndani yake kuna baba mmoja, mama mmoja amepakata mtoto, watoto wawili wamesimama, na pembeni kijana mwenye kofia. Nyuma kuna muhuri wa Stanleyville. Mji wetu ulibadilishwa jina 1966, kwa hiyo picha ni ya mbele ya hapo.

Mama alitwambia siku zote: « Ule mtoto wa mapaja njo mimi, na anayenipakata njo mama yangu. »

Nilienda kuomba buku ya ubatizo kwenye paruwasi. Watoto wa babu ni watatu: 1947, 1951, 1956. Mama ni wa 1951. Sasa hesabuni na mimi. Kama mama njo mtoto wa mapaja, angekuwa na mkubwa mmoja tu. Lakini kwenye picha wakubwa ni wawili, mmoja kama miaka tisa, mwingine kama mitano. Basi mtoto wa mapaja ni mjomba wa 1956, na mama ni ule kasichana mwenye kushika nguo. Umri wa kukisia kwa macho unadanganya, na tarehe ya ubatizo si ya kuzaliwa. Njo maana nilitazama zaidi idadi ya watoto na nafasi kati yao.

Ile buku iliniumiza pia: mwaka 1951 na 1956 majina ya mama mzazi hayafanane.

Hesabu ya watu ya wakati wa Wabelgiji iliandikwa kijiji kwa kijiji: mwanaume, chini yake wanawake na watoto. Kwa kijiji cha babu nilikuta wanawake wawili. Jina la wa kwanza limepigwa mustari, pembeni imeandikwa amekufa, 1954. (Musitafute babu kwa jina la Kizungu ndani ya karatasi za kisha 1972, majina yale yaliondolewa. Mutafute kwa kijiji na kwa jina la bibi.)

Kisha nikaonyesha picha kwa wazee wawili, kila mutu kwake peke yake. Wakikaa pamoja, mmoja anasema, mwingine anaitika tu. Sikuwatajia jina. Wote wawili walisema: huyu ni mdogo wa marehemu, aliachwa alee watoto wa dada yake. Kwetu anaitwa mama, bila kuongeza neno.

Kumwambia mama yangu kulinichukua wiki mbili. Alinyamaza, kisha akaniomba nimusomee lile jina lililopigwa mustari. Alikuwa hajawahi kulisikia. Tumeliandika juu yake kwenye mti wa jamaa, pasipo picha.

Kijana mwenye kofia bado hana jina.