Maneno ya Heshima: Njiani, Ukweni na Barazani

(Maneno ya mazungumzo yaliyosemwa mbele ya wakazi wa Kamere, Naivasha)



Nimeombwa niseme machache juu ya maneno ya heshima. Kazi yangu ni kufasiri, na kila mfasiri ajua kwamba neno la sheria halimsumbui sana, maana hulikuta limekwisha kuelezwa kitabuni. Limsumbualo ni neno dogo kama bwana, mama au mkwe, ambalo maana yake hubadilika kwa kadiri ya mahali linapotamkwa.

Hapa Kamere jambo hili twaliona kila siku. Watu wamekuja kando ya ziwa hili kutoka pande nyingi, wengine kwa kazi ya mashamba ya maua, wengine kwa uvuvi na biashara ya samaki. Mjaluo amepanga chumba jirani na Mkikuyu. Mluhya na Mkisii wateka maji bomba moja. Na Mmasai, aliyelijua bonde hili kabla yetu, apita na ng'ombe wake. Kila mmoja alifundishwa adabu nyumbani kwao kwa lugha ya kwao. Lakini wakutanapo husema Kiswahili, na hapo ndipo mtu mwenye adabu nzuri huonekana hana adabu, kwa sababu neno alilolichukua si la mahali pale.

Kwa hiyo sikuyapanga maneno yangu kwa herufi, kama yapangwavyo katika kamusi. Nimeyapanga kwa mahali: njiani, ukweni, na mbele ya Serikali. Sehemu ya kwanza nitaipita upesi.

Njiani kijana akutanapo na mzee, yampasa kijana ndiye aanze. Shuleni tumefundishwa kusema "Shikamoo", na jibu lake ni "Marahaba". Pwani na Tanzania salamu hiyo ni ya kila siku. Asili yake ni maneno "nashika miguu", na zamani za utumwa ndiyo salamu aliyopewa bwana na mtumwa wake. Leo ubaya huo umesahauliwa, imebaki heshima ya umri tu. Walakini huku bara la Kenya wako wazee wengi wasioizoea. Ukimwambia mmoja wao "Shikamoo", huenda naye akakujibu "Shikamoo", au akakutazama tu. Usicheke, wala usimsahihishe, kwani hapo wewe ndiwe utakuwa umekosa. Mwambie "Habari za asubuhi, mzee?" au "Habari za nyumbani, mama?", kisha ngoja jibu mpaka liishe. "Niaje" na "Mambo" ni salamu za rika. Kwa mzee hazifai hata zikisemwa kwa sauti ya upole.

Neno "mzee" lenyewe ni la heshima, bali "kizee" ni la dharau, ingawa tofauti ni herufi chache tu. Hiyo "ki" humfanya mtu kuwa mdogo kama kitu. Na kwa majirani zetu Wamasai, mtoto huinamisha kichwa ili mzee amguse utosini. Ukiinamiwa hivyo, mguse kichwa. Ukimnyoshea mkono umevuruga salamu yake.

Sasa tuingie ukweni, ambako neno moja laweza kuharibu kazi ya mwaka mzima.

Jambo la kwanza ni kulielewa neno "mkwe". Katika Kiswahili neno hili huenda na kurudi: baba wa mke wangu ni mkwe wangu, nami ni mkwe wake. Vivyo hivyo "wifi", yaani dada wa mume kwa mke wa kaka yake. Nao wawili huitana wifi. "Shemeji" nalo ni la pande mbili. Vijana wa siku hizi humwita shemeji kila rafiki wa mchumba wao, na hata mama wa msichana nimesikia akiitwa "shem". Hilo halifai kabisa. Shemeji ni mtu wa rika lako au karibu nalo, ambaye waweza kutaniana naye. Mzazi wa mkeo hutaniani naye.

Lugha zetu nyingine zina maneno yake, na ni vema kuyajua kwa kuwa ndiyo yaliyomo moyoni mwa mtu hata asemapo Kiswahili. Mjaluo humwita mama wa mkewe "maro", na mwanamume hawezi kulala katika nyumba ya mama mkwe wake. Mkikuyu humwita mkwe "muthoni", na neno hilo ni ndugu wa "thoni", yaani haya, aibu ya heshima. Mmasai huweza kumwita mkwewe kwa jina la mnyama waliyepeana: waliopeana kondoo huitana "paker", na jina hilo lawakumbusha wote wawili ule mkono uliotoa na ule uliopokea.

Na tuseme yuko mvuvi, kijana Mjaluo wa hapa Kamere, aendaye kwa mara ya kwanza kwa wazazi wa mchumba wake, Wakikuyu wa upande wa Kinangop. Lugha ya nyumba ile siku hiyo itakuwa Kiswahili. Afanyeje?

Afikapo mlangoni hupiga hodi na kungoja. Akiitikiwa "Karibu", haingii mbele ya mzee aliyemsindikiza. Asalimiapo hatangulizi mkono. Hungoja anyoshewe, naye hupokea kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko. Mama mkwe asiponyosha mkono, si kwamba amekasirika. Huenda na yeye anaona haya.

Sasa amwite nani? Jina lake la kuzaliwa halitajwi kamwe. Mazoea yetu ni kumwita mama kwa jina la mtoto wake: Mama Fulani. Lakini hapa pana mtego. Ikiwa mtoto wa kwanza wa nyumba ile ndiye mchumba wake, na jina lake ni Wanjiru, kijana akisema "Mama Wanjiru" atakuwa ametaja mbele ya wakwe jina la msichana ambaye bado hajapewa, kana kwamba amekwisha kuwa wake. Majirani wote humwita mama huyo hivyo, naye kijana ndiye peke yake asiyefaa kuliiga. Aseme "mama" tu, na kwa baba aseme "mzee" au "baba". "Mkwe" nalo alihifadhi. Kulitamka kabla mahari hayajazungumzwa ni kudai undugu usiokuwapo. Angoje wao walitamke kwanza.

Zaidi ya jina, kuna umbo la maneno. Mtu mwenye kuona haya ukweni aweza kujisitiri katika wingi. Badala ya "Kwaheri", husema "Kwaherini"; badala ya "Umeamkaje?", "Mmeamkaje hapa nyumbani?" Kwa njia hiyo mama mkwe amesalimiwa pamoja na nyumba yake yote, bila kuelekezewa neno uso kwa uso. Tena maji hayaagizwi kwa kusema "Nipe maji" wala "Nataka maji". Husemwa "Naomba maji", na afadhali zaidi kumwambia shemeji mdogo kuliko mwenye nyumba. Na kuhusu mahari kijana hasemi neno. Kuna mshenga au wazee wa kwao, nao husema kwa mafumbo, kama kusema wamepotelewa na mwana-kondoo na nyayo zake zimeingia katika boma hili. Kijana akilikatiza fumbo kwa kutaja fedha, hata akitaja nyingi, amewavunjia heshima wazee wa pande zote mbili.

Baadaye, wakijaliwa watoto, mambo huwa mepesi. Mama mkwe sasa ataitwa nyanya wa mtoto, na haya hupungua. Ila kwa Wakikuyu binti wa pili hupewa jina la mama wa mke. Baba wa mtoto atamwitaje binti yake, naye amechukua jina ambalo yeye halitamki? Wengine humwita Muthoni, yaani mkwe. Na jina hilo, mjuavyo, limejaa nchini.

Namalizia kwa Serikali. Wakati wa Waingereza mkuu wa wilaya aliitwa Bwana Shauri, kwa kuwa mashauri ya watu yalipelekwa kwake. Cheo hicho hakiko tena, lakini ile tabia ya kurundika majina ya ukubwa bado iko. Chifu huitwa "Chifu" au "Bwana Chifu", basi. Mwanamke mwenye cheo hicho naye ni Chifu. Hakimu, mbunge na gavana ni "Mheshimiwa". Askari polisi huitwa "Afande", neno lililotoka kwa Waturuki. Kwa wenzetu wa Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, viongozi walitaka kuitwa "Ndugu". Ukimwita hivyo hakimu wa Nakuru hatakufunga, lakini atashangaa. Afisa mwanamke aliye kijana usimwite "mama" ofisini. Unamheshimu kwa kuzeesha umri wake, naye alitaka umheshimu kwa kazi yake.

Jambo gumu ni pale mtu mmoja anapokuwa na sehemu mbili. Turudi kwa mvuvi wetu. Amekwisha kuoa, na mjomba wa mkewe ndiye naibu wa chifu wa mahali. Siku moja mvuvi agombana na jirani juu ya kibanda cha kuuzia samaki, na shauri laletwa barazani. Mvuvi asimama, na kwa nia njema asema, "Mkwe wangu, naomba unisikilize." Neno hilo nyumbani ni dhahabu. Pale barazani, jirani yake mara asikia kwamba shauri limekwisha kuamuliwa kabla halijasemwa. Watu waanza kunong'ona. Naye naibu wa chifu amebanwa: akimpa mvuvi haki yake, watasema ni undugu, akiogopa maneno ya watu, huenda akamnyima haki ile ile.

Ilimpasa aseme, "Bwana Naibu wa Chifu, naomba ruhusa niseme," kama alivyosema jirani yake, kisha aeleze kibanda alikijenga lini na nani aliona. Kama udugu huo haujulikani na watu wote, autaje mara moja, wazi, mwanzoni, ili naibu wa chifu apate nafasi ya kumwachia mwingine shauri hilo. Kuficha undugu na kuutangulizia ombi ni makosa mawili tofauti, na yote mawili huharibu baraza.

Baraza likiisha, wakikutana njiani kuelekea nyumbani, mvuvi yampasa arudi mara moja kwenye neno la kwanza. Akiendelea kusema "Bwana Naibu wa Chifu" jioni, mezani, mbele ya mkewe, mzee yule atauliza ni kosa gani alilotenda hata akafukuzwa ukweni.