Asilimia 15 Leo au Asilimia 5 Kila Mwaka: Hesabu kwa Karani wa Forodha Tunduma

Tuseme wakala wa forodha hapa Tunduma anawapa wafanyakazi wake wachague. Wachukue asilimia 15 sasa hivi, mshahara usiguswe tena kwa miaka mitano. Au wachukue asilimia 5 kila mwaka, ya kwanza ikianza mwezi huu. Karani wetu ana mshahara wa msingi wa shilingi 500,000, sawa na kima cha chini cha watumishi wa umma kilichotangazwa Singida Mei Mosi 2025.

Akichukua 15, atalipwa 575,000 kila mwezi, jumla 34,500,000 kwa miaka mitano. Akichukua 5, ataanza na 525,000, na mwaka wa tano atafika 638,141. Jumla ni kama 34,811,000. Tofauti ni 311,000 tu, na wengi hushangaa kuona ni ndogo hivyo.

Hiyo 311,000 yote imetokana na nyongeza kuzaa nyongeza. Mkataba ungesema asilimia 5 ya mshahara wa kuanzia, yaani 25,000 ileile kila mwaka, jumla ingekuwa 34,500,000 kamili, sawasawa na ya 15. Kwa hiyo kifungu kitaje asilimia ya mshahara wa mwaka uliotangulia.

Kinachoumiza zaidi ni tarehe. Nyongeza ya kwanza ikisubiri miezi 12, jumla inashuka hadi kama 33,154,000, na karani anapoteza zaidi ya milioni moja na laki tatu akilinganishwa na aliyechukua 15. Maneno “baada ya mwaka mmoja wa utumishi” yanapita haraka sana mezani.

Halafu kuna suala la kuhama, na mpakani watu huhama sana. Mwisho wa mwaka wa pili, aliyechukua 15 yuko mbele kwa 885,000. Mwenzake humpita mwezi wa nane wa mwaka wa tano. Asiyetegemea kukaa muda huo achukue 15, hasa kama ahadi ya kila mwaka imefungwa na “kutegemea hali ya biashara”.

Anayebaki apime pia bei za sokoni. Bei zikipanda asilimia 3 tu kwa mwaka, ndani ya miaka mitano zinapanda karibu 16, na ile 15 imeliwa yote: 575,000 itanunua pungufu kidogo ya kile 500,000 inachonunua leo. Aliyechukua 5 ataingia mwaka wa sita na 638,141. Na kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kiinua mgongo akiachishwa kazi ni angalau mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka kumi; mshahara unaohesabiwa ni wa mwisho, si ule alioanza nao.