Petroli au Stima? Hesabu ya Betri kwa Mwendeshaji Bodaboda wa Malava

Mazungumzo na waendeshaji bodaboda wa mji wa Malava



Swali linaloulizwa kila steji siku hizi ni moja: je, mtu anayetaka kubadilisha pikipiki anunue ya stima au abaki na ya petroli? Wengi hulijibu kwa kulinganisha bei ya lita moja ya petroli na bei ya kuchaji. Hesabu hiyo ni nusu tu. Nusu iliyobaki imo ndani ya betri, na ndiyo inayoamua kama mwendeshaji atapata faida au atajikuta na deni.

Tuanze na mwendo. Chukueni pikipiki ya umeme ya kubebea abiria yenye betri ya volti 72 na ampea-saa 45. Ukizidisha namba hizo mbili unapata wati-saa 3,240, yaani yuniti 3.24 za stima. Pikipiki ya namna hiyo, ikiwa na abiria mmoja na ikienda kwa mwendo wa wastani, hutumia takriban wati-saa 40 kwa kila kilomita. Kwa hivyo betri ikijaa kabisa na kuisha kabisa ingefika kama kilomita 80. Lakini haifai kuimaliza hadi mwisho. Ukiacha asilimia 20, kilomita za kutegemea ni 65. Mlima, abiria wawili, gunia la sukari au barabara ya matope vyote hupunguza hizo 65.

Kutoka Malava hadi Kakamega mjini ni takriban kilomita 25. Kwenda na kurudi ni 50, na zinatosha kwa chaji moja. Lakini mwendeshaji akirudi saa nne asubuhi, amebakiwa na kilomita kama 15 tu kabla ya kufika asilimia 20. Akiitwa apeleke mtu Webuye wakati huo, hana budi kukataa. Wa petroli angejaza lita moja na kuondoka. Hilo ni tofauti ya kwanza, na kila mtu alipime kwa safari zake mwenyewe, si kwa kilomita zilizoandikwa kwenye tangazo la muuzaji.

Tuseme basi mwendeshaji anakwenda kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Asubuhi anaondoka na betri iliyojaa. Chaja ya ampea 10 huingiza takriban wati 840 kwenye betri, kwa hivyo akiichomeka saa mbili wakati wa chakula cha mchana, anapata karibu nusu ya betri, yaani kilomita kama 40. Ukijumlisha na zile 65, siku imetosha. Maana yake ni kwamba anahitaji mahali pa kuchaji mchana karibu na steji, na stima isipotee saa hizo. Asiye na mahali hapo atafanya kazi nusu siku.

Sasa gharama. Bei ya petroli hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hivyo hubadilika. Kwa hesabu ya leo tuchukue shilingi 180 kwa lita, na pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita. Hiyo ni shilingi 4.50 kwa kilomita. Ongeza oili: lita moja ya shilingi 600 kwa kila kilomita 2,000 ni senti 30. Jumla ni shilingi 4.80 kwa kilomita. Tairi, breki na mnyororo tuziache, kwa kuwa pikipiki zote mbili zinazo.

Upande wa stima, sehemu ya umeme hupotea kwenye chaja kama joto, hivyo mita ya nyumbani huhesabu kama wati-saa 45 kwa kilomita. Kilomita 100 ni yuniti 4.5 kwa siku, na kwa mwezi ni yuniti 117. Hapa wengi hushtuka. Katika viwango vilivyoanza Aprili 2023, Kenya Power hutoza nyumba inayotumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi bei ya chini, ile ya hadi 100 bei ya kati, na inayozidi 100 bei ya juu. Nyumba iliyokuwa ikitumia yuniti 25 kwa taa na televisheni itapanda hadi daraja la juu kwa sababu ya pikipiki peke yake, na hata zile taa zitalipiwa bei hiyo. Kwa hivyo mtu asipige hesabu kwa bei ya tokeni anayoijua leo. Tuchukue shilingi 30 kwa yuniti pamoja na kodi na ada. Inakuja shilingi 1.35 kwa kilomita.

Shilingi 4.80 ukitoa 1.35 zinabaki 3.45. Kwa kilomita 100 ni shilingi 345 kwa siku, na ndizo muuzaji humwonyesha mteja. Lakini sehemu ya pesa hizo ni ya betri.

Maisha ya betri huhesabiwa kwa mizunguko. Mzunguko mmoja ni chaji kamili moja, na kuchaji nusu mara mbili pia ni mzunguko mmoja. Betri ya lithiamu haifi siku moja. Inapungua ujazo kidogo kidogo hadi haitoshi tena kwa kazi. Tuseme betri inadumu mizunguko 1,000, na kwa kuwa inapungua, kila mzunguko unatoa wastani wa kilomita 70. Hizo ni kilomita 70,000, yaani miezi 27 ya kazi. Ikiwa betri mpya ni shilingi 120,000, gawanya kwa 70,000 upate takriban shilingi 1.71 kwa kilomita.

Basi katika zile 345 za kila siku, 171 si faida. Ni pesa za betri ijayo. Faida halisi ni shilingi 174 kwa siku, au kama 4,500 kwa mwezi. Mwendeshaji anayeweka 170 kila jioni katika chama cha akiba atakuwa na karibu shilingi 120,000 betri itakapochoka. Anayezila zote atafurahi miaka miwili, kisha pikipiki itasimama ukutani, au atachukua mkopo.

Sasa badilisheni jambo moja tu. Betri ile ile ikitunzwa vibaya na kudumu mizunguko 500, gharama yake inakuwa shilingi 3.43 kwa kilomita. Ukiongeza stima inafika 4.78, na ya petroli ni 4.80. Faida ya kilomita 100 ni shilingi mbili. Ndiyo sababu tabia ya kuchaji si jambo dogo.

Betri huharibiwa hasa na mambo mawili: kumalizwa kabisa na joto. Mwendeshaji arudi kuchaji ikifika asilimia 20, asingoje izime njiani. Akitoka safari ndefu, aiache ipoe nusu saa kivulini ndipo achomeke. Kama kesho hafanyi kazi, asiiache imejaa siku nzima. Inatosha kuiacha katikati, kisha kuijaza alfajiri. Atumie chaja iliyokuja na pikipiki, na aichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye waya mwembamba wa kuunganisha ambao tayari umebeba pasi na redio. Soketi ikiwa moto ukiigusa, fundi aitwe. Kakamega ina radi nyingi, kwa hivyo mvua ya jioni ikianza kunguruma, chaja ichomolewe. Betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyoingia maji isichajiwe tena, na isichajiwe mlangoni ambapo ndipo watu wangekimbilia kutoka moto ukizuka.

Mtu atajuaje betri imechoka? Dalili ya kwanza ni namba kuanguka ghafla, kwa mfano asilimia 40 inakuwa 10 pikipiki ikipanda mlima. Kuna pia kipimo ambacho hakihitaji fundi. Izime vifaa vingine vyote nyumbani, soma mita, kisha chaji kutoka asilimia 20 hadi 100 na usome mita tena. Betri tuliyoitaja, ikiwa mpya, itachukua karibu yuniti 2.9. Ikichukua 2.2, imebakiwa na takriban robo tatu ya ujazo wake. Anayenunua pikipiki ya umeme iliyotumika afanye kipimo hiki kabla ya kutoa pesa, kwa sababu betri iliyochoka inaweza kuwa na rangi nzuri tu kama mpya.

Kuna njia ya kuepuka mzigo wa betri: mpango wa kubadilishana, ambapo kampuni inamiliki betri na mwendeshaji analipia iliyojaa kituoni. Kampuni kama Ampersand na Spiro zinafanya hivyo nchini. Kuchoka kwa betri kunakuwa shida ya kampuni, lakini mwendeshaji hawezi kwenda mbali na vituo. Kwa mtu wa Malava swali la kwanza ni kituo cha karibu kiko wapi. Akilazimika kuendesha kilomita 25 kufuata betri na 25 kurudi, ametumia sehemu kubwa ya chaji kabla ya kubeba abiria.

Njia nyingine ni ya kundi. Aprili 2023 bei maalum ya stima kwa magari na pikipiki za umeme ilianzishwa: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 saa za usiku ambapo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na ada. Bei hiyo inahitaji mita yake ya kuchajia, haiji kupitia mita ya nyumba. Steji yenye pikipiki kumi za umeme inaweza kuulizia mita moja Kenya Power na kugawana gharama.

Kwa ufupi, anayezunguka mjini na kwenda Kakamega mara moja kwa siku, mwenye stima nyumbani na mahali pa kuchaji mchana, hesabu inampendelea wa umeme, mradi aweke pesa za betri. Anayekwenda Kakamega na Webuye siku moja, au asiye na stima nyumbani, petroli bado inamfaa. Na skuta ndogo ya betri ya asidi ya risasi, ingawa bei yake ni nafuu, haifai kazi ya abiria. Betri hizo hudumu mizunguko michache zaidi, na magurudumu madogo hayawezi barabara za murami.

Kabla ya kusaini, mnunuzi amwulize muuzaji mambo matatu na apate majibu kwa maandishi: betri mpya peke yake ni shilingi ngapi, dhamana yake ni ya mizunguko au miaka mingapi, na ikipungua hadi asilimia ngapi ndipo inabadilishwa bure. Kisha arudi nyumbani na kupiga hesabu hii kwa namba hizo na kwa kilomita zake mwenyewe.

Maswali yanakaribishwa.