Nyumba ya Mama Haina Kitinda Mimba: Mfano wa Mirathi kutoka Muhokya

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya semina, lakini sheria iliyomo ni ya kweli. Mama mjane alifariki Muhokya bila wosia, akaacha nyumba ya matofali kando ya barabara iendayo Bwera. Binti mkubwa aliolewa Bwera. Mdogo alibaki nyumbani akamuuguza mama, na matanga yalipokwisha akabadili kufuli na kuanza kupokea kodi ya chumba cha mbele.

"Dada, wewe una kwako," alisema mdogo. Mkubwa akajibu kwamba karo iliyomsomesha mdogo ilitoka mfukoni mwake, na kwamba mzaliwa wa kwanza hafukuzwi kwao.

Walipeleka ugomvi kwa mjomba wao, karani mstaafu wa mahakama. Hakuanza na lawama. Aliuliza kama mama ameacha deni.

Kisha akaeleza historia. Sheria ya Mirathi ya Uganda iliweka mafungu kwa mali ya mwanamume aliyekufa bila wosia; mali ya mwanamke ilikuwa kama imesahaulika. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu hivyo vya ubaguzi. Bunge halikuharakisha: marekebisho yalikuja 2022. Sasa mafungu ni ya marehemu wa jinsia yoyote. Wakiwapo wote, watoto hupata asilimia 75, mwenzi 20, ndugu wategemezi 4 na mrithi wa kimila 1. Nyumba ya makazi huhifadhiwa kwanza kwa mwenzi aliyebaki na watoto wadogo, ila hapa hapakuwa na mwenzi, wategemezi, mrithi wa kimila wala mtoto mdogo.

"Mjomba, na miaka yangu ya kumuuguza?" aliuliza mdogo.

Alimwambia kuwa uuguzi haubadili fungu, kwani watoto hugawana sawa, aliyeolewa na asiyeolewa. Lakini kama alilipia bati jipya na ana risiti, aidai kama deni la mirathi.

Akachukua kalamu. Tuseme nyumba ina thamani ya shilingi milioni 24, na deni la hospitali pamoja na bati ni milioni 2. Zinabaki milioni 22, yaani milioni 11 kwa kila mmoja. Anayetaka kubaki humo amlipe mwenzake, hata kwa awamu, mkataba ukiandikwa mbele ya mashahidi.

Kilichomtia hofu mjomba ni kodi ile. Kugusa mali ya marehemu kabla ya kupewa mamlaka ni kosa. Aliwatuma wapate cheti cha kifo na barua ya mwenyekiti wa LC 1, waende kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi kuomba hati ya kutokuwa na pingamizi, ndipo mahakama itoe barua za usimamizi. Barua hizo hudumu miaka 2. Mdogo alikubali kodi iandikwe daftarini, na dada yake akabaki na ufunguo wa pili.