Bidhaa Tatu, Baridi Tatu: Namna ya Kuhifadhi Nyanya, Samaki na Mboga za Majani Sokoni

(Mada iliyotolewa na Afisa Ugani katika mkutano wa wafanyabiashara wa soko la kata)



Nimeombwa nijibu swali ambalo huulizwa kila jioni biashara inapofungwa: kilichobaki kilazwe wapi? Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba kila kitu kikitiwa kwenye baridi hupona, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo kinavyopona zaidi. Kwa samaki imani hiyo ni kweli. Kwa mchicha ni kweli kwa kiasi kikubwa. Kwa nyanya si kweli, na aliyepoteza tenga zima kwa sababu hiyo mara nyingi hakujua kilichomponza.

Nianze na samaki, kwa kuwa ndiye asiyesubiri. Samaki akishakufa, vijidudu vilivyo kwenye ngozi, matamvua na matumbo huanza kuzaliana, na kasi yao hutegemea joto. Mahali pake ni nyuzi sifuri za Selsiasi, yaani joto la barafu inayoyeyuka. Katika nyuzi 10 huharibika takriban mara nne upesi zaidi kuliko katika sifuri, hivyo siku moja ya nyuzi 10 humla samaki sawa na siku nne za barafu. Tena vibua na jodari wana hatari ya ziada. Wakikaa kwenye joto hujenga sumu iitwayo histamini, ambayo humfanya mlaji awashwe, awe mwekundu usoni na aumwe kichwa. Sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha, na samaki mwenyewe aweza kuonekana mzuri bado.

Barafu kiasi gani itosheleze? Tufanye hesabu. Una kilo 10 za vibua wenye joto la nyuzi 30. Kuwashusha hadi sifuri hula kilo 3 hivi za barafu. Lakini hiyo ni ya kuwapoza tu. Joto la nje nalo huingia sandukuni saa zote, nayo barafu huyeyuka kulizuia. Ndiyo maana katika nchi zetu za joto kanuni ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, ndani ya sanduku lenye kuta nene za povu na mfuniko. Katika beseni la bati lililo wazi hata kiasi hicho hakitoshi siku nzima.

Barafu na ipondwe, kwa sababu bonge kubwa humgusa samaki mahali pachache tu. Tandaza barafu chini, panga samaki, funika kwa barafu, panga tena, na umalizie kwa barafu juu na pembeni. Sanduku liwe na tundu la kutolea maji, kwani samaki anayeogelea katika maji yake ya damu huoza upesi. Kipimo cha kukuongoza ni chepesi: maadamu barafu ingali imemzunguka samaki pande zote, yuko karibu na sifuri. Ikiisha, sanduku limekuwa chombo cha kutunza joto, si baridi.

Sasa mboga za majani. Jani lililochumwa bado linapumua, na kupumua kwake hutoa joto. Shika katikati ya lundo la mchicha lililofungwa tangu asubuhi utasikia vuguvugu. Hilo joto ndilo linaloanza kugeuza majani kuwa ya manjano. Mchicha na sukuma wiki hupenda nyuzi 0 hadi 4 pamoja na unyevu mwingi hewani. Mwenye jokofu aziweke kwenye mfuko wenye matundu, mbali na ukuta unaogandisha, kwa maana jani lililoganda likiyeyuka huwa rojo. Mrehani usitiwe humo, kwa sababu majani yake huwa meusi kwa baridi.

Asiye na jokofu achume au apokee mboga alfajiri, afungue mafungu makubwa, ayapange wima kivulini na kuyafunika kwa gunia safi lililoloweshwa maji safi. Niseme ukweli kuhusu gunia hili. Maji yanapokauka huondoa joto, lakini hukauka vizuri pale tu hewa ilipo kavu. Kule Dodoma wakati wa kiangazi njia hii huweza kushusha joto kwa nyuzi kumi hivi. Huku Pwani, ambako hewa imeshiba maji, hushusha nyuzi tatu au nne tu. Hata hivyo faida yake ipo, kwani huzuia majani yasinyauke. Usidhani tu kwamba umepata jokofu.

Nimeiacha nyanya mwisho kwa makusudi. Nyanya ni tunda la nchi ya joto, na baridi ya jokofu huiumiza. Ile iliyokomaa lakini ingali ya kijani hukaa vyema katika nyuzi 13 hadi 15. Iliyoiva ikiwa ngumu huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi.

Chukua mfano wa mfanyabiashara aliyenunua tenga la nyanya kutoka Ilula, nyingi zikiwa zimeanza tu kubadilika rangi. Bei imeshuka, naye anaziweka kwenye chumba cha baridi cha nyuzi 4 kwa siku kumi akingoja bei ipande. Siku anayozitoa zinang'aa na anafurahi. Siku mbili baadaye, zikiwa mezani, hazigeuki nyekundu ila zinabaki na mabaka. Ngozi inabonyea vishimo vidogo, na ndani ya vishimo hivyo ukungu mweusi unaota. Madhara yalifanyika barafuni, dalili zikatokea juani, naye akalilaumu shamba.

Joto kali nalo si rafiki. Nyanya ikishinda juu ya nyuzi 30 hushindwa kutengeneza wekundu wake, ikabaki ya manjano. Basi ambaye hana chumba cha nyuzi 13 aweke nyanya kivulini penye upepo, kwenye kreti zisizo na kina kirefu ili za chini zisipondwe, na achambue kila asubuhi kuondoa iliyopasuka. Ile iliyoiva kabisa, ambayo ingeoza kesho, yaweza kulala jokofuni siku mbili au tatu. Itapungua ladha kidogo, lakini hiyo ni afadhali kuliko kuitupa.

Mwisho, zisilale pamoja. Nyanya inayoiva hutoa gesi ya etilini, na gesi hiyo huyafanya majani ya manjano hata yakiwa kwenye baridi. Maji ya samaki nayo hubeba vijidudu, yasidondokee mboga ambayo mlaji huenda akaila mbichi kwenye kachumbari.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya kufunga meza, samaki aingie katikati ya barafu, mchicha uende jokofuni au chini ya gunia bichi, na nyanya ibaki nje kivulini. Mwenye jokofu aweke kipimajoto ndani, kwa kuwa namba za kwenye kitufe hazitaji nyuzi za joto.