Mwalimu Mkongwe na Mwalimu Mgeni: Malezi ya Kazini katika Skuli za Pemba

Mada kwa walimu wazoefu



Nimeombwa nizungumzie jinsi mwalimu mzoefu anavyoweza kupanua mzunguko wake na kupata heshima kwa kuwalea walimu wachanga. Nitaanza Unguja, kwa watu wawili ambao wengi wetu tumewasikia madrasani.

Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyekuwa kadhi Unguja, na Sheikh Abdalla Bakathir, mzaliwa wa Lamu, walikuwa takriban marika, na wote wawili walifariki mwaka 1925. Hata hivyo Bakathir alikaa mbele ya Sayyid Ahmad kama mwanafunzi. Mwishoni mwa karne ya 19, Bakathir alipotaka kwenda Hadhramaut, Sayyid Ahmad alimwandikia barua za kumtambulisha kwa maulamaa wa huko. Alichompa ni zaidi ya elimu: alimpa jina lake atembee nalo. Bakathir akapokewa katika nyumba ambazo peke yake angezibishia hodi muda mrefu. Aliporudi alisomesha Ukutani, na miongoni mwa waliokaa mbele yake ni Sayyid Omar, mtoto wa Sayyid Ahmad mwenyewe. Sheikh Abdalla Saleh Farsy alipoandika habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, alimtaja kila sheikh pamoja na waliomsomesha na aliowasomesha. Katika desturi hiyo mtu hajulikani peke yake.

Sasa tuje skulini kwetu. Mwalimu anapomaliza chuo akapangiwa Micheweni ilhali kwao ni Mkoani, siku ya kwanza hukabidhiwa ratiba, chaki na darasa. Andalio la somo analijua, azimio la kazi analijua. Asilolijua ni afanye nini watoto sitini wanapomwangalia na hakuna aliyefahamu. Hapo ndipo mlezi anapohitajika, na hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu.

Tuchukue mfano ambao kila mwalimu wa hesabu hapa ataukumbuka. Mwalimu mgeni anafundisha kujumlisha sehemu. Anaandika ubaoni nusu kujumlisha theluthi, 1/2 + 1/3. Mtoto anakuja ubaoni anaandika 2/5: kajumlisha kiasi kwa kiasi, na asili kwa asili. Mwalimu anafuta, anaeleza kanuni ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika. Mtoto wa pili anaandika 2/5. Mwalimu anaieleza kanuni ileile kwa sauti kubwa zaidi.

Wewe umekaa nyuma ya darasa. Hamu ya kuinuka na kushika chaki ni kubwa, nawajua walimu wa hesabu. Usiinuke. Ukimsahihisha mbele ya watoto, umemvunjia hadhi ambayo hutaweza kumrudishia, na kesho watoto watamjaribu. Kaa na daftari lako uandike yanayotokea, bila hukumu: mwalimu aliuliza nini, nani alijibu, alikaa wapi. Hapa utagundua jambo asiloliona yeye: karibu wote aliowauliza wamekaa safu mbili za mbele.

Somo likisha, usimmwagie maji ya baridi hapo hapo. Mpe nafasi anywe chai, kisha muulize yeye kwanza: "Uliona wapi walipokuacha?" Mara nyingi atapataja mwenyewe. Halafu chagua jambo moja tu, hata kama umeandika kumi. Katika somo hili ningechagua lile kosa la 2/5, kwa sababu ndani yake mna somo zima. Mtoto ameanza na nusu, akaongeza kitu, akapata 2/5 ambayo ni ndogo kuliko nusu. Aulizwe swali hili tu: ulikuwa na nusu, ukaongezewa, vipi imepungua? Kisha achukue utepe wa karatasi, aukunje vipande sita vilivyo sawa. Nusu ni vipande vitatu, theluthi ni vipande viwili, jumla vitano katika sita, yaani 5/6. Kanuni ya kigawe kidogo cha shirika ije baada ya hapo, na mtoto atajua inatokana na nini. Ile habari ya safu za mbele iache mpaka wiki nyengine.

Lakini usiishie kumwambia. Mwite aje akae nyuma ya darasa lako ukifundisha somo hilo kwa mkondo mwengine, naye aandike. Hatua hii ndiyo inayotushinda wazee. Tunapenda kutazama, hatupendi kutazamwa. Mwalimu mchanga akikuona na wewe umekwama, ukatulia, ukabadilisha swali, amejifunza zaidi kuliko katika nasaha zako zote, na heshima yake kwako inaanza kuwa ya kweli. Heshima ya salamu na kupishwa kiti tunayo tayari kwa sababu ya umri, haihitaji semina.

Tahadhari. Kwanza, mlezi si mkaguzi. Siku utakapompelekea mwalimu mkuu habari za makosa ambayo mwalimu mchanga alikuonyesha kwa uaminifu, umemaliza kazi, na walimu wachanga wa skuli nzima watajua kabla ya adhuhuri. Jengine ni utumishi: mgeni anasahihisha madaftari yako, anashika vipindi vyako, anakuletea samaki kila akirudi kwao, nasi tunaita hayo adabu. Alama ya malezi yaliyopotoka ni mwalimu mchanga anayekubali kila unalosema na kuja anapoitwa tu. Anayekubishia, au anayekwenda kumuuliza mwengine, huyo analelewa vizuri. Na pale mlezi ni mwanamume na mlelewa ni mwanamke, au kinyume chake, mazungumzo yawe chumba cha walimu, mlango wazi, wenzenu wakiwepo. Tunaijua Pemba yetu; neno likishatoka halirudi.

Na huu mzunguko unapanuka vipi? Haupanuki ukimlea mtoto wa ndugu yako, mwenzako wa shehia, au yule mnayepiga kura upande mmoja. Hao walikuwa wako zamani. Nasema hili wazi kwa sababu kisiwa hiki kimeumizwa sana na mgawanyiko, na vyumba vya walimu havikusalimika. Mchukue yule ambaye humjui kwao. Akihamishiwa Wete au Chake Chake, atafika huko na njia yako ya kufundisha, na mwenzake atauliza kaipata wapi. Hivyo ndivyo jina linavyovuka wilaya bila mwenyewe kupanda gari.

Unaweza kulisaidia livuke, kama Sayyid Ahmad na barua zake. Mtambulishe kwa walimu wa somo lake katika kituo cha walimu. Ikija nafasi ya kuonyesha somo mbele ya wenzenu, mwache asimame yeye, na zile tepe za karatasi ziitwe zake, si zako. Kuna wazoefu wanaochukua kazi ya kijana na kuisoma kwa jina lao; hao hupata makofi siku moja, na baada ya hapo hakuna anayewaletea kitu. Naye ana ya kukufundisha: wengi wa vijana hawa wanapanga alama za darasa zima kwenye kompyuta kwa muda ambao sisi tunatafuta rula.

Usichukue zaidi ya wawili kwa wakati mmoja. Kutazama somo, kuzungumza na wewe mwenyewe kutazamwa ni vipindi viwili au vitatu vya wiki yako, na vipindi hivyo havina malipo. Mwalimu mkuu ajulishwe mapema ili ratiba isigongane.

Ombi langu kwenu kabla hatujaenda kula: kila mmoja aandike jina la mwalimu mgeni mmoja wa skuli yake ambaye si wa kwao, na siku ambayo atamkaribisha akae nyuma ya darasa lake. Nawasihi muanze na kutazamwa, si kutazama.